Karatasi ya hatua 5, video ya skrini 10: pale skripti ya kutoa pesa inapogoma

Nina duka dogo la steshenari hapa Masasi, mlango wa pili kutoka kwa wakala. Msimu wa korosho ukianza, wakulima wanamiminika kwake kutoa pesa, na wengi wanamwomba awabonyezee. Yeye alikuwa na karatasi ya maelekezo ameibandika ukutani, hatua 5 tu. Akaniomba niigeuze iwe video ya kurekodi skrini, ili aitume kwenye magrupu ya WhatsApp ya vijiji. Nilidhani ni kazi ya nusu saa. Tangu hapo nimeshawatengenezea mawakala wengine, na malalamiko yanayorudi ni yaleyale. Nayapanga hapa kwa dalili, nikianza na ile inayonirudia mara nyingi. Mfano wote ni wa muamala mmoja, kutoa pesa kwa wakala kupitia menyu ya msimbo, iwe ni *150*00# ya M-Pesa, *150*60# ya Airtel Money au mwingine wowote unaoutumia.

Dalili: sauti inasema kitu kimoja, skrini inaonyesha kingine

Mtazamaji anasikia "weka namba ya siri" huku mbele yake kuna jina la wakala na chaguo la 1 au 2. Akifuata sauti, anaandika namba ya siri mahali panapotaka 1. Menyu inajibu kwamba chaguo si sahihi na kujifunga, naye anakwambia video yako ni ya uongo.

Mara nyingi chanzo ni karatasi kubana skrini mbili au tatu kwenye mstari mmoja. Karatasi ya jirani yangu ilikuwa hivi: piga msimbo, chagua Toa Pesa, weka namba ya wakala na kiasi, weka namba ya siri kuthibitisha, pokea pesa. Mtu aliyezoea anaielewa bila shida. Ila nilipopiga msimbo mwenyewe, nikiwa na kalamu na kuandika kila kilichotokea, nilihesabu skrini 10: kibao cha kupigia chenye msimbo, ile duara ya kusubiri, menyu kuu, menyu ndogo inayouliza kama unatoa kwa wakala au kwenye ATM, namba ya wakala, kiasi, namba ya siri, jina la wakala na swali la kukubali au kukataa, taarifa kwamba ombi limepokelewa, halafu meseji. Tano kati ya hizo hazikuwa na neno hata moja kwenye karatasi, na ndipo watu walipokuwa wanakwama.

Kwa hiyo anza na ukaguzi rahisi kuliko yote. Kabla hujaandika sentensi yoyote ya skripti, piga msimbo, nenda mpaka kwenye skrini ya kukubali, kisha chagua kukataa. Pesa haitoki na hukatwi kitu. Kila skrini ipe mstari wake kwenye daftari. Karatasi ibaki pembeni ya kukukumbusha lengo. Skripti iandike kutokana na ulichokiona.

Chanzo cha pili ni menyu kubadilika. Mitandao huongeza huduma na kusogeza namba, na karatasi ya ukutani haijui. Ile ya jirani yangu ilikuwa na jedwali la makato lililochapwa wakati tozo za miamala zilipoanza, Julai 2021, na viwango vyake vilishabadilika zaidi ya mara moja. Dawa yake ni kutaja jina kwanza, namba baadaye: "Tafuta palipoandikwa Toa Pesa, angalia namba yake, kwenye simu yangu ni 2." Menyu ikihama kesho, mtazamaji bado ana cha kutafuta. Makato usiyatamke kwa sauti kabisa. Sema tu kwamba kiasi kilichokatwa kinaonekana kwenye meseji.

Chanzo cha tatu ni nadra, lakini kilinisumbua siku nzima: laini niliyorekodia ilikuwa imewekwa lugha ya Kiingereza na mwenye laini hakukumbuka. Lugha ya menyu hufuata laini. Kubadili lugha ya simu hakusaidii kitu. Ibadilishe ndani ya menyu yenyewe, kwa kawaida kwenye sehemu ya akaunti yangu, kisha uanze upya.

Dalili: menyu inakatika katikati ya maelezo

Unarekodi skrini huku unaongea. Ukifika kwenye namba ya wakala, unaeleza vizuri kwamba namba ipo ukutani, si ile ya simu yake, na kabla hujamaliza menyu imepotea. Unarudia mara nne, tano, mpaka sauti inaanza kuwa na hasira.

Hapa chanzo karibu siku zote ni kimoja, kwamba menyu ya msimbo haingoji. Kila skrini ina muda wake, na usipobonyeza kitu mtandao unaifunga. Kwenye laini yangu nilipima kwa saa ya ukutani, haikufika nusu dakika. Pima ya kwako, maana mitandao inatofautiana. Sentensi ya maneno 30 ikisomwa polepole, kwa kasi ambayo mzee ataifuata, inakula sekunde 15 hivi. Weka sentensi mbili za namna hiyo kwenye skrini moja na umeshachelewa.

Usijaribu kuongea haraka. Tenganisha kazi mbili. Kwanza rekodi skrini kimya, ukibonyeza kwa mwendo wa kawaida, na kila skrini ipe sekunde tatu za kutulia kabla ya kugusa. Halafu kwenye programu ya kuhariri, gandisha picha ya kila skrini kwa muda ambao sentensi yake inahitaji, na sauti irekodi peke yake, mahali pasipo na bodaboda. Mimi huwa narekodi sauti ndani ya chumba cha karatasi, marundo ya rimu yanameza mwangwi.

Ukishafanya hivyo, skripti nayo inabadilika sura. Kila skrini inakuwa na vitu vitatu: kinachoonekana, kidole kinafanya nini, na sauti inasema nini. Hiki ni kipande cha ile niliyomwandikia jirani:

Skrini ya 5. Inaonekana: "Weka namba ya wakala." Kidole: kinaandika namba, kinatulia, kinagusa Tuma. Sauti: "Angalia ukutani kwa wakala. Namba ya wakala imeandikwa kwa herufi kubwa. Si namba yake ya simu. Iandike, isome tena, ndipo utume."

Skrini ya 8. Inaonekana: jina la wakala, kiasi, 1 kukubali, 2 kukataa. Kidole: hakigusi kitu mpaka sauti iishe. Sauti: "Usibonyeze kwanza. Soma jina. Je, ni la wakala uliyesimama mbele yake? Soma kiasi. Kama kimoja si sawa, bonyeza 2, uanze upya. Kama vyote ni sawa, bonyeza 1."

Skrini ya 8 nimeipa maneno mengi kuliko zote kwa makusudi. Ndiyo mlango wa mwisho kabla pesa haijahama, na karatasi haikuitaja hata kidogo.

Ikiwa menyu inakatika hata unapobonyeza haraka bila kuongea, tatizo si skripti. Toka nje, tafuta mtandao mzuri, au rekodi asubuhi mapema. Siku ya malipo ya korosho, saa nne mpaka saa nane mchana, mimi sijaribu hata.

Dalili: mtu anafuata video mpaka mwisho, kisha anatoa pesa mara mbili

Hii ndiyo iliyoniumiza roho, kwa sababu kosa lilikuwa langu. Video yangu ya kwanza iliishia pale menyu iliposema ombi limepokelewa, na sauti ikasema, "Tayari, pokea pesa yako." Mama mmoja akaisikiliza, akafika hapo, wakala akamwambia bado meseji haijaingia kwake. Mama akadhani amekosea, akapiga msimbo tena, akatoa tena kiasi kilekile. Dakika chache baadaye meseji mbili zikaingia zimeongozana. Wakala alikuwa mwaminifu na pesa ilirudi, ila makato ya muamala wa pili hayakurudi.

Chanzo ni skripti kuchukua skrini ya ombi kama mwisho wa safari. Mwisho ni meseji: ya mteja na ya wakala. Kwa hiyo skrini ya 9 na ya 10 ziandikie hivi: "Ombi limekwenda. Sasa subiri meseji. Usipige msimbo tena. Meseji ikichelewa, angalia salio kwanza. Salio likiwa limepungua, pesa imeshatoka, subiri hapohapo kwa wakala." Kuangalia salio kabla ya kurudia ni sentensi moja tu, nayo ndiyo inayozuia hasara.

Ili kuipata skrini ya meseji inabidi ufanye muamala mmoja wa kweli. Tumia kiasi kidogo kinachoruhusiwa, na wakala awe anajua unarekodi. Usiiunde meseji ya mfano mwenyewe kwa kuiandika. Watu wameshaibiwa sana kwa meseji za kutengeneza, na wewe ukiwazoesha kuamini picha yoyote yenye neno "umetoa", umewasaidia matapeli.

Dalili: namba ya siri, salio au majina yanaonekana kwenye video

Simu nyingi hazifichi namba ya siri kwenye kisanduku cha menyu ya msimbo. Kwenye aplikesheni utaona nukta, kwenye msimbo unaona tarakimu zenyewe, 4, wazi kabisa. Na kibodi inazivimbisha kila ukigusa, kwa hiyo hata ukiziba kisanduku, kibodi inasema yote.

Kagua hivi kabla ya kurekodi. Badili namba ya siri ya laini utakayotumia iwe ya muda, ambayo huitumii mahali pengine, na ukimaliza ibadilishe tena. Washa "Usinisumbue" ili meseji za watu zisishuke juu ya skrini. Kwenye "Screen record" ya Android kuna kitufe cha kuonyesha mguso. Kiwashe kwa skrini zote, ila ya 7 irekodi kama kipande cha pekee ukiwa umekizima.

Wakati wa kuhariri, skrini ya 7 usiifunike kwa ukungu mwepesi. Ikate. Weka picha ya skrini kabla hujaandika kitu, igandishe, halafu ruka moja kwa moja kwenye skrini ya 8. Sauti inatosha: "Hapa unaandika namba yako ya siri. Mimi sikuonyeshi yangu, na wewe usimwonyeshe mtu, hata wakala." Kwa kweli hiyo ndiyo namna nzuri zaidi ya kuifundisha. Salio na namba za simu kwenye meseji zizibe kwa kisanduku kizito. Jina la wakala liache tu kama amekubali. Taarifa za mtu zina sheria yake, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na idhini ya mdomo ya rafiki ni bora uiweke kwenye maandishi.

*Simama hapa.* Ikiwa video yenye namba ya siri imeshatoka kwenye grupu, kuifuta hakutoshi. Badili namba ya siri papo hapo, kabla hata ya kuifuta video. Ukiona muamala usioujua, acha kila kitu upige huduma kwa wateja, 100. Na kama namba ya siri imekosewa mara mbili mfululizo wakati wa kurekodi, usijaribu ya tatu. Akaunti ya pesa ikifungwa, ni huduma kwa wateja tu wa kuifungua, nao watataka mwenye laini mwenyewe. Ndiyo sababu sirekodi kwenye simu ya mteja hata aniombe vipi.

Dalili: video imetoka nyeusi

Hii huwapata waliochagua kurekodi aplikesheni badala ya msimbo. Aplikesheni nyingi za fedha zimezuia skrini yake isirekodiwe, hivyo unapata sauti na weusi. Simu yako haijaharibika. Kagua kwanza kwa kurekodi skrini ya kalenda. Ikionekana, basi ni ulinzi wa aplikesheni.

Chukua simu ya pili, iegemeze juu ya rundo la vitabu, upige picha ya video kutoka juu. Punguza mwanga wa skrini inayorekodiwa, zima taa iliyo juu yake. Usipakue faili lolote linaloahidi kuondoa ulinzi huo. Linalofungua skrini ya aplikesheni ya fedha kwa ajili yako linaifungua kwa ajili ya aliyelitengeneza pia.

Dalili: "Mbona kwangu hakuna sehemu ya kuandika?"

Bibi mmoja kutoka upande wa Newala alinijia dukani na mjukuu wake. Baada ya shikamoo, akatoa kitochi kwenye kanga, akakiweka juu ya kaunta. "Mwanangu, nimesikiliza maneno yako yote. Mbona kwangu hakuna sehemu ya kuandika?"

Alikuwa sahihi. Kwenye simu ya kupangusa, menyu na kisanduku cha kuandikia vipo pamoja. Kwenye vitochi vingi menyu inakuja peke yake, na chini kushoto kuna neno Jibu au Chaguo. Lazima ubonyeze hapo ndipo ukurasa mtupu wa kuandika ufunguke, na ukifunguka, menyu imetoweka. Mtu anatakiwa awe ameshaikariri namba aliyoitaka. Tena menyu ndefu haionekani yote; Toa Pesa inaweza kuwa chini, ukiifuata kwa kitufe cha kushukia. Na kwenye baadhi ya vitochi ukurasa wa kuandika unafunguka kwa herufi, ukibonyeza 2 unapata "a". Hapo shikilia kitufe mpaka tarakimu itokee, au bonyeza kitufe cha alama ya reli kubadili.

Nilijaribu kuongeza sentensi za kitochi ndani ya video ileile, ikawa vurugu: "kama unatumia simu kubwa fanya hivi, kama ndogo fanya vile", na wote wakapotea. Sasa naandika skripti mbili. Ya kitochi ina skrini zilezile 10, lakini kila skrini ya kuandika inakuwa na vituo vitatu: soma na ukumbuke namba, bonyeza Jibu, andika kisha Tuma. Kwa mfano skrini ya 3: "Shuka chini mpaka uone Toa Pesa. Namba iliyo kushoto kwake ni ngapi? Itamke kwa mdomo. Sasa bonyeza Jibu. Menyu imepotea, usiogope. Andika ile namba uliyoitamka, kisha Tuma." Kuitamka kwa mdomo nilijifunza kwa bibi huyohuyo, ndivyo alivyokuwa anafanya tulipojaribu pamoja. Namba ya siri tu ndiyo haitamkwi, na skripti iseme hivyo.

Kitochi hakirekodi skrini yake, kwa hiyo tumia mbinu ya simu ya pili juu ya vitabu. Vitufe vionekane pamoja na skrini, kidole kikae pembeni kisizibe.

Kujua kama skripti imekamilika, mpe mtu ambaye hajawahi kutoa pesa peke yake, mwekee sauti bila picha, na simu yake mkononi. Kila anapoinua uso kukutazama, andika namba ya skrini aliyofika. Hapo ndipo pana sentensi inayokosekana. Bibi aliinua uso kwenye ya 3, ya 5 na ya 8.

Dalili: video imefika, lakini namba hazisomeki

WhatsApp inaikandamiza video, na maandishi madogo ya menyu yanageuka ukungu. Kuza kisanduku cha menyu wakati wa kuhariri mpaka kijaze fremu, kwa sababu sehemu nyingine ya skrini haina kazi. Ikibaki na ukungu, itume kama faili, si kama video.